Fundi kagoma kuniongezea gesi ya AC, anataka aitoe yote aanze upya kwa mzani. Napigwa au?

Mtu wa Goba
Wakuu habari za jioni. Nina kigari changu cha Kijapani, cc 1500, cha mwaka 2006. Tangu Januari AC inanisumbua na nimeshaongezewa gesi mara tatu kwa mafundi wa barabarani. Utaratibu wao ni uleule: anafungua boneti, anachomeka kopo kwenye bomba la AC, gari linaunguruma, anashika bomba kwa mkono, likianza kutoa jasho anasema "tayari bosi". Dakika kumi, elfu ishirini na tano, kwaheri.

Mara ya kwanza ilikaa vizuri kama miezi miwili. Mara ya pili wiki tatu. Hii ya tatu haikumaliza hata wiki. Halafu dalili zenyewe zinanichanganya. Asubuhi nikitoka Goba barabara ikiwa nyeupe, kunapoa mpaka nafunga vioo kwa raha zangu. Nikiingia Barabara ya Bagamoyo pale Tangi Bovu nikakuta foleni, dakika tano tu inapuliza hewa kama pumzi ya mtu. Nikifika Mwenge vioo vyote viko chini. Foleni ikiachia, baridi inarudi.

Jana nikaenda gereji moja ya Tabata nikitaka kopo la nne. Fundi akakataa katakata. Anasema hagusi mpaka atoe gesi yote iliyomo, aipime, apige vakyumu, kisha arudishe kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika ya boneti. Elfu tisini. Nikamuuliza, kwani geji huna? Akacheka, akanionyesha geji zake zimening'inia ukutani.

Naomba mnisaidie. Gesi ya AC ilianza lini kupimwa kama sukari ya dukani?

Dereva wa Sinza
Unapigwa mchana kweupe. Mimi naendesha teksi mwaka wa 15 huu na AC ndiyo inayoniletea wateja, siwezi kuichezea. Geji ya upande wa chini, ule wa presha ndogo, ikisoma kati ya 30 na 40 gari likiwa linaunguruma, gesi imetosha. Ikishuka, ongeza. Ikizidi, punguza kidogo. Mambo ya mzani yamekuja na hawa vijana wenye mashine za kununua kwa mkopo, lazima deni lilipwe na mtu.

Kijana wa Mbagala
Mbona gesi ya gari inapimwa kwa kilo siku zote? Mimi nimefunga mtungi wa gesi asilia, nikienda kujaza naambiwa kilo ngapi zimeingia na nalipa kwa kilo. Fundi yuko sahihi. Ila sikujua kama inasaidia na AC.

Mtu wa Goba
Mkuu hiyo ni ya kuendeshea gari. Mimi naongelea gesi ya kipupwe. 😂

Kijana wa Mbagala
Haya basi, nimekaa kimya.

Mzee wa Majokofu
Mtu wa Goba, huyo fundi wa Tabata usimwache. Mimi kazi yangu ni baridi: vyumba vya samaki, malori ya aiskrimu, na magari pale njaa inapobisha hodi. Ngoja nieleze kwa kitu kilichopo jikoni kwako.

Chukua mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 15. Ufunge geji siku umetoka kuununua, halafu ufunge tena siku zimebaki kilo mbili. Kama joto la siku zote mbili ni sawa, sindano itasimama karibu palepale. Ndiyo maana hakuna mama anayepima mtungi kwa geji. Anautikisa au anaunyanyua asikie uzito. Mle ndani chini kuna gesi iliyo maji na juu yake kuna mvuke, na muda wote yale maji yapo, presha inaamuliwa na joto, wingi hauna usemi.

Gesi ya AC ya gari lako, R134a, ina tabia hiyohiyo. Gari likiwa limezimwa na limepoa, kwa nyuzi 30 geji itasoma karibu 97 psi. Kwa nyuzi 25 ni kama 82, kwa nyuzi 35 ni kama 114. Iwe mmeweka gramu 200, iwe 450, iwe 600. Kwenye gari dogo, ukishavuka gramu mia hivi, sindano imeshasema yote inayoyajua.

Dereva wa Sinza
Mzee shikamoo, ila umenijibu kitu ambacho sikusema. Mimi sisomi gari likiwa limezimwa. Nimesema likiwa linaunguruma.

Mzee wa Majokofu
Marahaba, na hapo una hoja. Kompresa ikizunguka geji zinaanza kusema, na fundi mzuri huzisoma zote mbili, ya chini na ya juu, pamoja na kipimajoto mkononi. Tatizo ni kwamba zinasema mambo mengi kwa wakati mmoja. Ile 35 yako imechanganya wingi wa gesi, joto la nje, kasi ya injini, feni ya mbele inavyovuta, na kiasi cha hewa unachopuliza ndani. Ukisoma saa moja asubuhi na ukasoma saa nane mchana kwenye gari lilelile, namba ni tofauti wakati gesi haijaongezeka hata tone. Tena magari mengi ya siku hizi kompresa inajirekebisha yenyewe ili upande wa chini usiyumbe. Inaweza kupungua gramu 100 na geji yako ya chini bado ikakuchekea pale 30.

Sasa angalia nafasi uliyonayo ya kukosea. Stika nyingi za magari madogo zinaandika kitu kama gramu 450, toa au jumlisha 30. Kopo la dukani lina gramu 250, mengine 340. Kopo moja la 340 ni robo tatu ya gesi yote anayohitaji Mtu wa Goba. Na fundi analimimina huku akishika bomba kwa kiganja, Dar, mwezi wa tatu, unyevu wa kuogelea. Hapa hata chupa ya soda inatoa jasho.

Binti Hesabu
Swali la mtu asiyejua magari. Kama shida ni kipimo, si niweke kopo juu ya mzani wa jikoni, niangalie zimetoka gramu ngapi, niache? Kwa nini nilipie kutoa yote?

Mzee wa Majokofu
Swali zuri kuliko yote ya leo. Mzani wako utakuambia zilizoingia. Hautakuambia zilizokuwemo. Ukiweka gramu 100 juu ya kitu usichokijua, umebaki na kitu usichokijua kilichoongezeka 100. Ili namba ya stika iwe na maana, lazima uanzie sifuri, na sifuri inapatikana kwa kutoa gesi yote na kuvuta hewa. Vakyumu na mzani ni kazi moja, haziachani.

Na utoaji wenyewe uwe wa kuingiza gesi kwenye mtungi wa mashine, siyo kufungulia hewani ipige miluzi kama wanavyofanya wengi. Mbali na kuchafua hewa, unapoteza ushahidi. Ile gesi ikipimwa ndipo unapojua gari lilikuwa na njaa au limevimbiwa.

Mtu wa Goba
Limevimbiwa? Mzee, gesi ikizidi si kunapoa zaidi?

Mzee wa Majokofu
Ndipo wengi wanapokosea. Ile kondensa iliyo mbele ya rejeta inapokea mvuke wa moto kutoka kwenye kompresa na kuugeuza kuwa gesi iliyo maji. Ili ifanye hivyo inahitaji nafasi. Ukizidisha gesi, maji ya ziada hayana pa kwenda, yanajaa mistari ya chini ya kondensa na kukaa. Mvuke unabaki na mistari michache ya kupoea. Presha ya juu inapanda. Barabara ikiwa nyeupe upepo unaokoa. Ukisimama kwenye foleni upepo haupo, presha inapanda mpaka swichi ya usalama inakata kompresa. Magari mengi hukata karibu na 450 psi. Kompresa ikizimwa unapuliziwa hewa ya mtaani, ndiyo hiyo pumzi ya mtu uliyoisema.

Lakini sikuhukumu kwa maneno tu. Feni mbovu ya mbele inatoa dalili hizohizo. Kondensa iliyojaa vumbi nayo hivyohivyo. Kabla hujalipa elfu tisini, washa AC gari limesimama, fungua boneti, uone feni zote kama zinazunguka.

Dada wa Kigamboni
Mimi naongezea la kwangu ili mtu asirudie. Nilinunua kopo lililoandikwa linaziba na uvujaji. Nikajiwekea mwenyewe kwa kufuata maelezo, lina kageji kenye rangi, unajaza mpaka sindano iingie kwenye kijani. Nikafurahi miezi miwili. Halafu baridi ikaanza kuja na kuondoka, mwisho ikagoma kabisa. Gereji ya kwanza walipoona kopo nililotumia wakakataa kuunganisha mashine yao, wanasema ile dawa ikiingia kwenye mashine inaganda humo. Gereji ya pili wakafungua ekspansheni, ile valvu yenye tundu dogo ambamo gesi inapita ikaanze kupoza, wakanionyesha: tundu lake limezibwa na kitu kama gundi kavu. Nililipa ekspansheni, kichujio, kusafisha mabomba yote, na uvujaji wenyewe ulikuwa palepale kwenye oringi moja ya bei ya karanga.

Mzee wa Majokofu
Pole dada. Ile dawa imetengenezwa igande ikikutana na hewa na unyevu pale penye tundu. Shida ni kwamba mfumo usiopigwa vakyumu una hewa na unyevu ndani pia, kwa hiyo inaganda popote inapowakuta.

Na mwenye gari la haibridi asikilize hapa. Makopo mengi yanakuja na mafuta ndani, mara nyingi yale ya aina ya PAG. Kompresa ya haibridi inaendeshwa na umeme mkubwa na inataka mafuta ya aina nyingine, kwenye Toyota utaona imeandikwa ND-OIL 11. Mafuta ya PAG, hata kidogo, yanavunja uwezo wa kuzuia umeme mle ndani. Gari linaweza kuwasha taa na kugoma, na kompresa ya haibridi siyo kitu cha kuulizia bei baada ya chakula.

Binti Hesabu
Mzee, na vakyumu? Mtu akishatoa gesi yote si mabomba yako tupu? Anavuta nini tena nusu saa nzima?

Mzee wa Majokofu
Gesi ikitoka, geji ikasoma sifuri, mabomba hayako tupu. Yamejaa kilichobaki kwa presha sawa na ya hapo ulipokaa, na kama fundi alifungua kitu, ni hewa ya Dar na maji yake.

Hewa haigeuki maji ndani ya kondensa hata ufanyeje. Inakaa mle juu, inachukua nafasi, inapandisha presha. Hata ule mpira wa kopo una hewa ndani. Fundi asiyeutoa hewa kabla ya kufungua, kila akichomeka kopo anaingiza hewa kidogo. Makopo matatu, mara tatu.

Unyevu nao ni mbaya zaidi kwa sababu una subira. Tone la maji likifika kwenye tundu la ekspansheni, ambapo kuna baridi ya kugandisha, linakuwa barafu na kuziba. Baridi inakata. Ukizima, barafu inayeyuka, unawasha, inapoa tena, unaamini gari limepona. Kwa muda mrefu yale maji yanachanganyika na gesi na mafuta yanakuwa tindikali, inakula chuma taratibu.

Sasa pampu haiyanyonyi maji kama mrija wa dafu. Inashusha presha mpaka maji yachemke kwa joto la kawaida. Kwa nyuzi 30 maji yanachemka presha ikishuka kuwa kama sehemu moja ya 24 ya ile ya kawaida. Yakishakuwa mvuke, pampu inayatoa. Joto letu hapa linasaidia, huko Njombe asubuhi kazi ni ngumu zaidi. Ila uchemkaji huo unahitaji muda, na sindano ya geji ya kawaida inagota chini mapema sana kabla kazi haijaisha. Anayevuta dakika tano sindano ikagota akasema tayari, ametoa hewa, maji ameyaacha.

Dereva wa Sinza
Maneno matamu mzee. Ila nchi nzima inaongeza kwa kopo na magari yanapoa. Mtu wa Goba, nenda halafu uje na majibu, tuone kama elfu tisini imeleta tofauti.

Mtu wa Goba
Nimerudi wakuu. Nilienda Jumamosi, nikakaa pembeni ya fundi kuanzia saa mbili asubuhi, nikiandika kwenye simu. Naleta kama nilivyoona.

Kwanza feni. Gari langu lina feni mbili mbele. Alipowasha AC moja ilizunguka, ya pili ikatetemeka tu kama inataka kupiga chafya. Mota imekufa. Mzee uliona mbali.

Pili, gari nililiacha gereji tangu Ijumaa jioni, lilikuwa limepoa kabisa. Akaweka kipimajoto kwenye kondensa, kikasoma 30. Akafunga geji zote mbili, gari limezimwa. Nikakumbuka namba ya mzee, 97. Zote mbili zilisoma 115. Fundi akasema hiyo nyongeza ni hewa, au gesi ya makopo si R134a tupu.

Tatu, mashine. Mtungi wa kupokelea ulikuwa juu ya mzani, kioo kinasoma 9.840. Ilivuta kama dakika ishirini, ikatulia, akasubiri, ikavuta tena kidogo. Mwisho kikasoma 10.450. Nikatoa kwa kidole: gramu 610. Stika ya gari langu inasema 450, kosa lisizidi 30. Kwa hiyo nilikuwa nabeba gramu 160 za ziada na nilitaka kulipia kopo la nne. Kikombe cha mafuta nacho kilikuwa na mafuta ya kijani zaidi ya alivyotegemea, akasema yametoka kwenye makopo.

Nne, hakuvuta vakyumu papo hapo. Aliingiza naitrojeni mpaka 150 psi akapaka povu la sabuni kila kiungo. Nilimuuliza mbona anapoteza muda, vakyumu si ingeonyesha kama kuna tundu? Akanijibu kwamba vakyumu inavuta kuelekea ndani kwa nguvu ndogo, tundu dogo linaweza kujifunga, wakati gari likifanya kazi presha inasukuma kwenda nje mara nyingi zaidi. Povu lilipanda sehemu moja tu: kwenye valvu ya kujazia, upande wa chini. Palepale wanapochomeka kopo.

Dada wa Kigamboni
Kwa hiyo kuongezwa gesi ndiko kulikovujisha gesi 🤦🏾‍♀️

Mtu wa Goba
Ndivyo alivyosema, kwamba kichwa cha kopo kilichofungwa vibaya kimepinda kile kidude cha katikati, na kofia ya juu haikuwepo. Kofia yenyewe nadhani imebaki kwa fundi wa kwanza.

Akabadilisha kidude, akapiga vakyumu dakika 45, akazima pampu, akafunga valvu tukanywa chai dakika 20. Sindano haikusogea. Kisha akaweka mtungi wa gesi mpya juu ya mzani, akaugeuza kichwa chini, akafungulia upande wa juu gari likiwa limezimwa. Vakyumu ikajinyonyea yenyewe kama gramu 300 kwa haraka, ikapunguza kasi. Akafunga upande wa juu kabisa, akausimamisha mtungi, akawasha gari, akamalizia taratibu kwa upande wa chini, mvuke tu. Saa zote jicho liko kwenye mzani. Ilipofika 450 akafunga.

Feni nilinunua ya mtumba Ilala, ilifungwa siku hiyohiyo. Kabla ya yote, kipimajoto kwenye tundu la dashibodi kilisoma nyuzi 19 gari limesimama. Baada ya kazi, palepale, nyuzi 9.

Dereva wa Sinza
Subirini. Mmeona? Ni feni! Feni ingefungwa peke yake kwa elfu arobaini gari lingepona. Mzani umepewa sifa isiyo yake.

Mzee wa Majokofu
Huenda feni ilibeba sehemu kubwa. Vitu viwili vikitengenezwa siku moja, huwezi kusema kila kimoja kimeleta nyuzi ngapi, na mimi sitadanganya. Ila jiulize: kwa feni moja iliyokufa, makopo matatu yaliingiaje? Kila fundi aliona hapoi, akasema gesi imepungua. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na njia ya kujua kwamba imezidi. Ungefunga feni ukaacha gramu 160 za ziada na hewa ndani, ungepata nafuu, na kompresa ingeendelea kusukuma mzigo mchana wote.

Jingine, mafundi wa kopo wasije wakajaribu kule juu baada ya kusoma hapa. Huyu alijaza upande wa juu gari likiwa limezimwa, akafunga kabla ya kuwasha. Kopo likichomekwa upande wa juu kompresa ikizunguka, presha ya zaidi ya 200 inarudi ndani ya kopo, na kopo linapasuka mkononi.

Dereva wa Sinza
Hilo la kupasuka nalikubali, nimeliona kwa macho. La feni bado nakushikilia.

Baba Noah
Wakuu msinisahau. Mimi Noah yangu ina AC ya mbele na ya nyuma. Stika ina namba mbili na fundi alijaza ile ndogo. Mbele panapoa kidogo, nyuma watoto wanalalamika. Ndiyo sababu?

Mzee wa Majokofu
Inawezekana sana. Namba ndogo mara nyingi ni ya gari lisilo na kipozeo cha nyuma. Ila usimwambie aongeze tofauti yake juu kwa juu, umeshajua kwa nini. Gesi ikiwa pungufu, mafuta nayo hayarudi vizuri kwenye kompresa, maana yanasafiri pamoja na gesi. Usikae nayo muda mrefu.

Baba Noah
Na kama stika ya gari la mdogo wangu imechubuka, haisomeki? Uso wa gari ulishagongwa ukabadilishwa.

Binti Hesabu
Tena kama uso umebadilishwa, hata stika unayoiona inaweza kuwa ya gari jingine, si ndiyo?

Mzee wa Majokofu
Binti huyu anafaa kuja gereji. Ndiyo. Tafuta kwa namba ya chasisi, usikisie kwa gari la jirani hata kama sura ni moja.

Mtu wa Goba
Wakuu, wiki tatu baadaye narudi na jambo. Foleni zote za Mwenge na Morocco zimepoa, sina malalamiko. Ila Jumapili nilikwenda Morogoro. Baada ya kama saa moja na nusu, karibu na Chalinze, baridi ikakata. Nikazima AC dakika tano, nikawasha, ikarudi. Ikakata tena kabla ya Mikese. Mjini haifanyi hivyo kamwe. Niseme ukweli, fundi alinishauri nibadilishe kichujio cha unyevu kwa sababu hewa ilikuwa imeshaingia, nikamwambia tutaona mwisho wa mwezi.

Dereva wa Sinza
Hiyo ni gesi imepungua.

Dada wa Kigamboni
Dereva! 😂😂

Mzee wa Majokofu
Kuna njia mbili na zinatofautishwa na kitu kimoja. Baridi ilipokata, upepo wa kwenye tundu ulibaki na nguvu ileile ila wa moto, au upepo wenyewe ulipungua kama umezibwa? Ukibaki na nguvu, nashuku maji yanaganda kwenye ekspansheni, na kichujio chako kimeshiba. Ukipungua, barafu imefunika kipozeo cha ndani ya dashibodi kwa nje, na hapo kichujio hakihusiki, ni kihisio cha joto kinachochelewa kukata kompresa.

Mtu wa Goba
Mzee sikuangalia, nilikuwa nagombana na watoto juu ya vioo. Jumamosi narudi tena Moro. Nitaweka mkono kwenye tundu.